Neno la Ukaribisho Kabla ya Mgeni Rasmi

Kongamano la vijana wajasiriamali likiitishwa Korogwe au Handeni, ratiba yake unaweza kuiandika bila kuuliza mtu: usajili, wimbo wa taifa, sala na dua, utambulisho, neno la ukaribisho, hotuba ya mgeni rasmi, kisha mada moja baada ya nyingine mpaka chakula cha mchana. Mwenye neno la ukaribisho huwa kijana ambaye biashara yake inaonekana kwenda vizuri, au mwalimu, au mwenyekiti wa kamati ya maandalizi. Hupigiwa simu siku chache kabla na kuambiwa, "Wewe utakaribisha tu, dakika kumi zinatosha."

Akiyachukua maneno hayo kama yalivyo, atasoma majina ya wakubwa, atasema vijana ni nguvu kazi ya taifa, atakaa. Na nafasi itakuwa imepotea, maana hakuna mwingine siku hiyo atakayeipata. Mgeni rasmi anakuja na hotuba iliyoandikwa ofisini, yenye takwimu za serikali na maagizo. Afisa wa benki ataeleza akaunti zake, mtu wa SIDO ataeleza mashine zake, kila mmoja na lake. Mkaribishaji ndiye pekee anayeweza kuwapa watu wote hao, pamoja na vijana waliokaa, jambo moja la kushika kabla hawajatawanyika kwenye mada zao. Hapa nitaeleza jinsi ya kulipata jambo hilo na jinsi ya kulisema, nikichukua mfano wa kongamano la pamoja la wilaya hizi mbili. Tuseme linafanyika Korogwe mjini na nusu ya ukumbi imetoka Handeni.

Anza na kaulimbiu, hata kama kamati imeshakuchagulia. Kaulimbiu za kamati zina tabia ya kurefuka, kwa sababu kila mjumbe anaongeza neno lake na hakuna anayethubutu kulitoa la mwenzake. Mwisho bango linasomeka "Vijana, Ubunifu na Fursa za Kiuchumi kwa Maendeleo Jumuishi na Endelevu". Ukikutana na bango la namna hiyo huna haja ya kugombana na mtu. Liache lilivyo ukutani, wewe tafuta sentensi moja fupi iliyo ndani yake na uzungumze hiyo. Mwaka 1972 pale Iringa, TANU ilitoa siasa nzima ya kilimo kwa maneno matatu, "Siasa ni Kilimo", na mpaka leo wazee wanayataja bila kushika karatasi. Mwaka 2009 ikaja "Kilimo Kwanza", maneno mawili. Unaweza kubishana na matokeo ya sera zote mbili, lakini huwezi kusema watu hawakujua zinahusu nini.

Sentensi unayoitafuta ina masharti mawili. La kwanza, iwe ni jambo ambalo kijana anaweza kulifanya Jumatatu asubuhi bila kusubiri mkopo, semina wala barua. La pili, kila aliyekaa ukumbini ajione ndani yake. Sharti hili la pili ndilo linaloangusha kaulimbiu nyingi nzuri, na katika wilaya hizi mbili linahitaji uangalifu.

Chukua mfano huu. Mtu anayefikiria habari ya kuongeza thamani ya mazao anaweza kuja na kaulimbiu tamu kabisa: "Kabla Haijapita Segera". Maana yake, tusafishe, tupange, tufungashe mali yetu hapa hapa kabla haijafika njia panda na kuondoka. Inasikika vizuri, ina jina la mahali, ina mdundo. Lakini ipime kwa masikio ya kijana wa Chanika, Handeni mjini. Mzigo wake wa mahindi unaokwenda Dar es Salaam unatokea Mkata na kuelekea Chalinze. Segera inabaki nyuma, upande wa kaskazini, haioni. Kaulimbiu hiyo ni ya Korogwe, na watu wa Handeni wataitambua katika sekunde tano za kwanza. Watacheka kidogo, watanong'ona, na tangu hapo watajua kwamba kongamano ni la wenyeji, wao wamealikwa kujaza viti.

Mfano mwingine unaovutia ni maji. Kwa miongo mingi Handeni imekuwa ikitegemea maji yanayovutwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, kwa lile bomba kuu ambalo kila mtu analiita HTM. Mwandishi wa hotuba anaona picha imejileta yenyewe: Korogwe wana mto, Handeni wana kiu, tumeunganishwa. Usiiguse. Humo ukumbini wamo watu ambao bomba hilo limewahi kuwakaukia wiki nzima. Ukitaja maji, hoja ya siku inageuka kuwa kero ya maji, na mgeni rasmi ataanza kujibu swali ambalo hakuulizwa.

Mimi ningechagua hii: "Pima Kabla ya Kuuza". Sababu yake ni kwamba inashika karibu kila biashara ya kijana wa huku. Mahindi ya Handeni yanauzwa kwa gunia la lumbesa, lililojazwa mpaka likashonewa kilemba juu. Machungwa ya Kabuku na Mkata mara nyingi mnunuzi anayachukua yakiwa bado mtini, kwa kukadiria shamba kwa macho. Ng'ombe mnadani naye anauzwa kwa macho. Mnunuzi anazunguka, anamgusa mgongo, anataja bei. Dereva wa bodaboda anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, lakini ukimuuliza kilichobaki baada ya mafuta, oili na tairi, hana jibu. Binti anayeuza maandazi karibu na stendi ya Korogwe anajua alichouza, hajui alichotumia. Wote hawa wanauza kitu ambacho hawajakipima, au kimepimwa na mwingine. Na kupima hakuhitaji mkopo.

Kaulimbiu ikishapatikana, inahitaji mzizi wa mahali. Korogwe mzizi huo unauona ukitoka tu nje ya mji: mkonge. Hadithi yake ya mwanzo inajulikana sana mkoani Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika Pangani vikiwa hai vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 likatoka zao lililokuja kuifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani. Kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000. Wazungumzaji wengi hupenda kuitumia kama funzo la ujasiriamali: anza na kidogo, usikate tamaa.

Hapa mzungumzaji mwenye masikio atasita. Katika ukumbi wa Korogwe wamekaa wajukuu wa manamba. Babu zao walitoka mbali kuja Ngombezi, Magunga na Hale, na walichokifahamu wao ni kipande, ile kadi ya siku thelathini ambayo mnyapara aliitia alama kazi ya siku ikikamilika, na asiyekamilisha hakupata alama. Ukimsifu Hindorf mbele ya wajukuu hao kwa moyo wa uthubutu, umeeleza historia yao kutoka upande wa mwenye shamba. Hakuna atakayekuzomea, watu wetu wana adabu, lakini hali ya ukumbi itapoa na hutajua kwa nini.

Hadithi hiyo hiyo ukiieleza kutoka upande wa kipande, inaibeba kaulimbiu yako vizuri kuliko mfano wowote wa kutoka mbali. Unaweza kusema hivi:

"Babu zetu wengi hapa walikata mkonge. Kazi yao ilipimwa kila siku, lakini kipimo kilikuwa mkononi mwa mnyapara. Yeye ndiye aliyesema kazi imetimia au haijatimia. Leo hatuna mnyapara. Lakini nikiwauliza gunia lako la mwisho ulilouza lilikuwa na kilo ngapi, ni wangapi humu watanijibu?"

Kisha nyamaza. Hesabu mpaka tatu kimoyomoyo. Usijibu swali lako mwenyewe, na usiongeze utani. Kimya hicho ndicho kinachofanya kazi.

Sasa hali ya ukumbi, ambayo huwekwa katika dakika mbili za mwanzo na ni vigumu kuirekebisha baadaye. Kuna sauti mbili ambazo wazungumzaji wa makongamano ya vijana huangukia. Moja ni ya kukaripia: vijana wa siku hizi mnapenda vijiwe, mnataka mafanikio ya haraka, mnacheza kamari za mpira. Kijana aliyetoka Kwamsisi alfajiri kwa nauli yake hakuja kusikia hayo, na aliye kijiweni hayupo ukumbini. Sauti ya pili ni ya kusifia bila kipimo, kwamba ninyi ndio mabilionea wa kesho. Hii inapendeza zaidi na inapigiwa makofi, lakini inamfunga mdomo kijana ambaye duka lake linakufa. Baada ya sifa hizo hawezi kusimama kwenye majadiliano na kusema mtaji umekatika.

Sauti inayofaa ni ya mtu anayezungumza na wenzake wa kazi kuhusu tatizo la kazi. Na katika mfano wetu kuna mtego ndani yake. Ukianza kuilaani lumbesa, nusu ya ukumbi itashangilia na nusu itainama, kwa sababu vijana wanaozunguka vijijini kununua mahindi kwa lumbesa nao ni wajasiriamali, na wamo humo. Wana sababu zao pia. Mwenye lori anatoza kwa gunia, mpakiaji analipwa kwa gunia, na kwa miaka mingi hata ushuru umekuwa ukihesabiwa kwa gunia. Anayenunua ana kila sababu ya kutaka gunia liwe kubwa. Sheria ya Vipimo haikubali gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo kulisimamia hilo, lakini hotuba ya ukaribisho si mahali pa kutishia watu faini. Sema wazi tangu mwanzo: "Humu wapo wanaouza na wapo wanaonunua, na mwaka ujao huenda wakabadilishana viti." Sentensi hiyo moja inamwondolea mnunuzi woga wa kushambuliwa, na inamfanya asikilize hesabu inayofuata.

Hesabu iwe moja, na ifanywe mbele ya macho yao. Kama ukumbi una nafasi, leta gunia moja la mahindi lililofungwa kama linavyofungwa sokoni, na mizani ya kuweka chini, yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Lipime usiku wa kuamkia siku hiyo, maana mizani inayokataa kuwaka mbele ya mkuu wa wilaya itakula dakika zako zote. Waite vijana wawili walinyanyue, mmoja wa Handeni na mmoja wa Korogwe. Waulize wengine wakadirie uzito kabla ya kupima. Tuseme mizani inasoma kilo 120. Gunia lililouzwa kwa bei ya kilo 100 limebeba kilo 20 za bure. Magunia kumi ni kilo 200, yaani magunia mawili kamili. Kwa bei ya kukadiria ya shilingi 600 kwa kilo, muuzaji amemwachia mwingine shilingi 120,000 bila kujua. Isome hesabu hiyo polepole na uishie hapo. Ukiongeza mfano wa machungwa, wa ng'ombe na wa bodaboda kwa tarakimu, hakuna hata moja itakayokumbukwa. Hao wataje kwa jina tu, kila mmoja kwa sentensi moja, ili wajue wamo.

Neno kuhusu wafugaji. Handeni ina vijana wengi wa Kimaasai, na tangu Juni 2022 wameongezeka waliohamia Msomera kutoka Ngorongoro. Mambo ya Msomera yana maoni makali pande zote, na baadhi ya wazungumzaji hushawishika kuyataja ili kumfurahisha mgeni rasmi au kumchokoza. Usifanye lolote kati ya hayo. Mtaje mfugaji kama mfanyabiashara: ana ng'ombe, anakwenda mnadani, hajui uzito wa anachokiuza. Hapo umemkaribisha kweli. Mifano ikiwa ya mazao mwanzo mpaka mwisho, yeye ataelewa kwamba kongamano ni la wakulima.

Itifaki inahitaji akili kidogo, kwa sababu inaweza kula nusu ya muda wako. Watu husema wilaya mbili, lakini halmashauri ni nne: Wilaya ya Handeni, Mji wa Handeni, Wilaya ya Korogwe na Mji wa Korogwe. Kuna wakurugenzi wanne, wenyeviti wanne, na wakuu wa wilaya wawili. Ukimtaja mkurugenzi mmoja na kumsahau wa pili, hilo ndilo litakalokumbukwa. Mwombe mshereheshaji amalize utambulisho wote kabla yako, mwenye jina na cheo atajwe huko. Wewe mtaje mgeni rasmi, wataje wakuu wengine kwa ujumla, sema itifaki imezingatiwa, kisha wageukie vijana. Salamu za dini zitoe zote zinazotolewa huko kwetu, kwa pumzi moja. Tanga ni mkoa wa misikiti na makanisa, na anayesahau salamu moja hujulikana mara moja. Salamu za chama ziache nyumbani.

Kuna mambo mawili ambayo ukumbi utatamani uyaseme na hupaswi kuyasema. La kwanza ni mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia nne yake ni ya vijana. Ukiigusa katika ukaribisho, mikono itaanza kunyooshwa kabla hujamaliza: kikundi chetu kiliomba, jina halikurudi, fedha zilisimama. Sema tu kwamba Afisa Maendeleo ya Jamii ataieleza, na utaje saa yake kwenye ratiba. La pili ni nauli na posho. Hilo ni la mshereheshaji au mhasibu, na litangazwe mapema kabla yako, maana kijana asiyejua kama atarudishiwa nauli ya kurudi Mkata hasikilizi kitu.

Urefu: dakika nane badala ya kumi. Kwa Kiswahili kinachosemwa kwa utulivu jukwaani, na makofi yake, maneno mia moja kwa dakika ni kipimo cha haki, kwa hiyo karatasi yako isizidi maneno mia nane, na ukiwa na gunia na mizani punguza mpaka mia sita. Isome kwa sauti huku simu ikihesabu muda. Kusoma kimya kunadanganya. Kaulimbiu itokee mara tatu: baada ya kisa cha kipande, baada ya hesabu ya gunia, na mwishoni unapomkaribisha anayefuata. Ikizidi hapo inakuwa kama tangazo la gari la matangazo sokoni.

Lazima pia ujiandae kwa kuchelewa kwa mgeni rasmi. Ratiba inasema saa tatu, yeye yuko kwenye kikao cha dharura, na saa nne na nusu kamati inakunong'oneza, "Anza tu, atakukuta." Hotuba iliyojengwa juu ya sifa za mgeni rasmi haiwezi kuanza bila yeye. Hii yetu inaweza, kwa sababu inazungumza na vijana. Akiingia katikati, simama, mwache akae, watu watulie, kisha mpe sentensi moja ya kumwingiza: "Mheshimiwa, umetukuta tukipima gunia la mahindi." Usirudie hotuba mwanzo. Wengi hurudia kwa heshima, na ukumbi uliokuwa umekushika unakuachia.

Jambo la mwisho lifanye siku moja kabla. Watumie watoa mada kaulimbiu na hesabu ya gunia kwa ujumbe wa simu, na umwombe kila mmoja aguse kupima ndani ya mada yake: wa benki azungumzie daftari la mauzo, wa SIDO uzito kwenye vifungashio, afisa mifugo mizani ya mnadani. Wengine hawatajibu, lakini wawili watatu wanatosha. Saa saba, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, sogea karibu na vijana usiowajua na usikilize wanabishana nini. Wakibishana juu ya nani alikadiria uzito wa gunia vibaya, neno lako limeshika. Wakizungumza kuhusu suti yako, mwambie mshereheshaji airudie hesabu kabla ya mada ya kwanza ya mchana, na safari hii achague kijana asome mizani kwa kipaza sauti.